Mpango Usomwe Kabla Rekodi Hazijabadilika

Jumatatu usiku, Oktoba 12, 2009, majina yote ya mtandao yanayoishia kwa .se, ambayo ni ya Uswidi, yaliacha kupatikana. Wakati huo yalikuwa yapata 900,000: magazeti, benki, idara za serikali, maduka, na barua pepe za watu wa kawaida. Hakukuwa na mvamizi wala kebo iliyokatwa. Wasimamizi wa jina hilo walikuwa katika matengenezo waliyoyapanga, wakatumia skripti yenye kosa, na skripti ile ikaandika rekodi zisizo na nukta ya mwisho.

Nukta hiyo si pambo. Katika rekodi za majina ya mtandao, jina linaloishia kwa nukta limekamilika. Lisipokuwa na nukta, seva huliona ni kipande tu na kulimalizia yenyewe kwa kubandika jina la eneo lililomo. Kwa hiyo seva iliyokusudiwa kuitwa `ns1.example.se` ikawa `ns1.example.se.se`, jina ambalo halipo popote duniani. Kosa liligunduliwa mapema, na rekodi sahihi zikatolewa baada ya saa moja hivi. Hata hivyo kesho yake bado kulikuwa na watu wasioweza kufungua tovuti za Uswidi, kwa sababu kampuni zao za intaneti zilikuwa zimeshalihifadhi jibu baya.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike makala haya. Katika kazi nyingi za kompyuta ukikosea unarudisha hali ya zamani na mambo yanatengemaa. Katika rekodi za majina unaweza kurudisha rekodi kwa sekunde mbili, lakini huwezi kuifuta kumbukumbu iliyokwisha kuchukuliwa na maelfu ya seva za watu usiowajua. Ndiyo maana mahali pa kulikamata kosa ni kabla, na katika miaka ya karibuni mafundi wa mitandao wamejenga utaratibu mzuri wa kulikamata hapo.

Zoni na kumbukumbu zake

Taasisi yenye jina lake la kikoa, tuseme `mfano.example`, huwa na orodha ya rekodi chini ya jina hilo. Orodha hiyo huitwa zoni. Rekodi ya aina ya A husema tovuti iko kwenye anwani gani ya IP. Rekodi ya MX husema barua pepe zipelekwe seva gani. CNAME husema jina hili ni lakabu ya jina lile. TXT hubeba maandishi, na siku hizi maandishi hayo ni mazito, kwa kuwa ndiyo yanayowathibitishia wapokeaji kwamba barua iliyotoka kwako imetoka kwako kweli.

Taasisi nyingi haziendeshi seva zake za majina. Huziweka rekodi kwa mtoa huduma, na mtoa huduma huwapa dashibodi: ukurasa wenye visanduku vya kujaza na kitufe cha kuhifadhi. Mtu mmoja mwenye nywila huingia, hubadilisha, hubonyeza, na mara hiyo hiyo dunia nzima huanza kupewa jibu jipya. Mara nyingi hakuna wa pili aliyeliona badiliko kabla halijaenda hewani. Mwaka ukipita, akiuliza mtu kwa nini rekodi fulani ipo na ni nani aliyeiweka, hajui hata mmoja. Nimeona zoni zenye rekodi za seva zilizozimwa zamani, hakuna anayethubutu kuzigusa kwa sababu hakuna aliyeandika zilikuwa za nini.

Kila rekodi hutoka na muda wake wa kukumbukwa, unaojulikana kwa herufi TTL, ukihesabiwa kwa sekunde. Rekodi yenye TTL ya 86400 inaruhusu seva yoyote iliyouliza ilikumbuke jibu kwa siku nzima bila kuuliza tena. Hata jibu la kwamba jina halipo hukumbukwa: muda wake unatokana na tarakimu zilizomo katika rekodi kuu ya zoni, ile ya SOA, kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1998. Ukifuta rekodi kwa bahati mbaya na kuirudisha baada ya dakika tano, aliyeuliza ndani ya dakika hizo tano anaweza kuendelea kuambiwa haipo kwa saa nzima.

Faili badala ya dashibodi

Utaratibu wenyewe unaanza kwa kuiandika zoni yote katika faili la maandishi, na faili hilo kuwekwa ndani ya Git, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza historia ya msimbo wa programu. Git huhifadhi kila toleo la faili, jina la aliyelibadilisha, saa, na maelezo aliyoyaandika. Kisha programu nyingine hulisoma faili, huwasiliana na mtoa huduma, hulinganisha kilichoandikwa na kilichopo hewani, na kufanya yale tu yanayohitajika ili viwili hivyo vifanane.

Programu za namna hiyo zipo kadhaa. Mwaka 2017 kampuni ya GitHub ilitoa octoDNS kwa umma, na mwaka huo huo wale wa Stack Overflow wakatoa DNSControl. Hazikutokea patupu: Oktoba 21, 2016, mtoa huduma mkubwa wa majina aitwaye Dyn alishambuliwa, na tovuti kubwa zilizomtegemea yeye peke yake zikapotea kwa saa kadhaa. Waliojifunza siku ile walitaka rekodi zile zile ziwe kwa watoa huduma wawili kwa wakati mmoja, na hakuna binadamu anayeweza kuzijaza dashibodi mbili kwa mkono, mwaka hadi mwaka, bila kupishana. Hapa nitafuata octoDNS, kwa kuwa tabia zake za tahadhari zinaonekana wazi, ila mwenye kutumia nyingine atazitambua hatua.

Faili la zoni yetu lingeanza hivi:

```yaml
---
'':
  - ttl: 86400
    type: A
    value: 192.0.2.10
  - type: MX
    values:
      - exchange: mail.mfano.example.
        preference: 10
  - type: TXT
    value: v=spf1 mx ip4:192.0.2.10 -all
mail:
  type: A
  value: 192.0.2.25
www:
  type: CNAME
  value: mfano.example.
```

Alama mbili tupu za nukuu pale juu maana yake ni jina lenyewe la kikoa bila kiambishi. Tazama pia nukta baada ya `mail.mfano.example.` na baada ya `mfano.example.` katika mstari wa mwisho. Ukiisahau, octoDNS inakataa kuendelea na kusema nukta inakosekana. Inakataa pia ikiwa majina hayakupangwa kwa mfuatano wa alfabeti, jambo linalowaudhi wageni siku ya kwanza. Lakini lina faida: kila rekodi ina mahali pake pamoja tu, na anayesoma badiliko haoni mistari iliyohamahama bure.

Zoni iliyokwisha kuwapo haiandikwi upya kwa kunakili kutoka kwenye dashibodi, maana hapo ndipo herufi hupotea. Huivuta ilivyo:

```
octodns-dump --config-file=config/production.yaml \
  --output-dir=config/ mfano.example. mtoahuduma
```

Faili likishapatikana, kazi ya kwanza ni kuiendesha programu ya kulinganisha bila kubadilisha chochote. Mpango wa kwanza unaoutaka ni mpango mtupu, yaani programu ikuambie kwamba faili na hali ya hewani havitofautiani hata kwa rekodi moja. Ikikuletea tofauti, usisonge mbele. Kuna kitu ambacho faili halikukibeba vizuri, na siku utakayotoa amri ya kweli kitu hicho kitabadilishwa bila wewe kukikusudia.

Maandishi na mpango

Sasa tuchukue badiliko moja na kulifuata hadi mwisho. Shirika letu la mfano linahamisha tovuti kutoka seva yenye anwani 192.0.2.10 kwenda seva mpya, 192.0.2.77. Barua pepe hazihami. Kwa mtoa huduma kuna makundi 12 ya rekodi, tukihesabu jina na aina pamoja: rekodi mbili za MX chini ya jina moja ni kundi moja.

Hatua ya kwanza inafanyika siku mbili kabla, na haigusi anwani kabisa. TTL ya rekodi ya tovuti ni 86400. Ikiachwa hivyo, aliyeuliza dakika moja kabla ya kuhama ataendelea kupelekwa seva ya zamani kwa siku nzima. Kwa hiyo badiliko la kwanza ni kuishusha hadi 300, yaani dakika tano, kisha kusubiri zaidi ya saa 24 ili majibu yote ya zamani yaishe muda. Wengi huishusha TTL na kuhama saa hiyo hiyo. Hilo halina faida yoyote, kwa kuwa waliokwisha kuchukua jibu la siku nzima hawana habari kwamba umeishusha.

Siku ya kuhama ikifika, fundi anafungua tawi jipya katika Git, anabadilisha mstari mmoja, 10 inakuwa 77, anaandika maelezo ya sababu, na kutuma ombi la kuunganisha. Ombi hilo ndilo mlango wa ukaguzi: tawi kuu limefungwa, na badiliko haliingii humo mpaka mtu mwingine, asiyekuwa aliyeliandika, alikubali.

Mkaguzi akifungua ombi anaona mstari mmoja umeondoka na mmoja umeingia. Ni rahisi kuridhika hapo. Anwani ni sahihi, maelezo yameeleweka, bonyeza kubali. Lakini alichokisoma ni tofauti kati ya faili la jana na faili la leo. Kitakachotokea kwa mtoa huduma ni tofauti kati ya faili la leo na kilichopo hewani sasa hivi, na hivyo viwili vinaweza kupishana sana. Kwa sababu hiyo kila ombi linapotumwa, kompyuta inayofanya kazi za kiotomatiki inaendesha amri hii na kuyabandika matokeo chini ya ombi, mbele ya macho ya mkaguzi:

```
octodns-sync --config-file=config/production.yaml
```

Amri hiyo haibadilishi kitu. Inauliza mtoa huduma, inalinganisha, na kuandika mpango: nini kitaundwa, nini kitasahihishwa, nini kitafutwa, kwa maneno `Create`, `Update` na `Delete`. Hapo mkaguzi wetu anakuta mambo mawili wakati maandishi yalionyesha moja. Kuna `Update` ya rekodi ya tovuti, kama ilivyotarajiwa. Chini yake kuna `Delete` ya rekodi ya TXT iitwayo `s1._domainkey`.

Hakuna aliyeomba rekodi ifutwe, kwa hiyo mkaguzi anaandika chini ya ombi: “Dada, hii `s1._domainkey` inayofutwa ni ya nini? Kwenye faili siioni, wala kwenye historia.” Wanafuatilia na kuipata: jana yake, baada ya badiliko la TTL kutekelezwa, fundi wa huduma ya barua pepe alipewa nywila ya dashibodi kwa dakika kumi, akaweka ufunguo wa kuthibitisha saini za barua, akaondoka. Ufunguo umefanya kazi vizuri tangu siku hiyo. Faili halina habari nao, na kwa octoDNS faili ndilo linaloamua: kilicho hewani na hakimo katika faili ni ziada ya kuondolewa.

Tuseme mkaguzi angesoma maandishi tu na kukubali. Tovuti ingehama salama na kila mtu angefurahi. Ufunguo ungefutwa kimya kimya. Barua zingeendelea kutoka bila ujumbe wowote wa hitilafu kwa mtumaji, ila wapokeaji wasingeweza kuthibitisha saini, na barua moja moja zingeanza kuangukia kwenye taka. Mhasibu angelalamika baada ya siku tatu kwamba wateja hawajibu. Nani angeihusisha hali hiyo na tovuti iliyohama Alhamisi? Dalili ya kuitafuta iko katika vichwa kamili vya barua iliyopokelewa: panapotakiwa kuonekana `dkim=pass` panakuwa na neno jingine.

Basi fundi anaongeza rekodi ile katika faili. Anakumbana na kanuni ndogo: ndani ya TXT, octoDNS inataka kila nukta-mkato itanguliwe na mkwaju wa nyuma, hivyo maneno `v=DKIM1; k=rsa;` yanaandikwa `v=DKIM1\; k=rsa\;`. Anatuma tena, mpango unaendeshwa tena, na `Delete` imetoweka.

Bado mkaguzi hajamaliza, na hapa ndipo mtu anapoizidi programu. Anaiangalia rekodi ya TXT ya jina kuu, ile inayoanza na `v=spf1`. Rekodi hiyo inawaambia wapokeaji wa barua ni anwani zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la shirika, na imeitaja 192.0.2.10, seva ya zamani ya tovuti. Kwa nini seva ya tovuti iruhusiwe kutuma barua? Kwa sababu tovuti yenyewe hutuma risiti kwa wanachama wanaolipa. Ikihama bila anwani mpya kutajwa, risiti zitatoka 192.0.2.77, na maneno `-all` mwishoni yanawaambia wapokeaji wakatae chochote kisichotoka katika orodha. Programu haiwezi kulijua hilo. Kwake rekodi imeandikwa sawasawa.

Suluhisho ni kuiongeza anwani ya pili ndani ya rekodi ile ile, na kuiacha ya kwanza kwa siku chache mpaka seva ya zamani izimwe:

```yaml
    value: v=spf1 mx ip4:192.0.2.10 ip4:192.0.2.77 -all
```

Nasisitiza ndani ya rekodi ile ile, maana kosa linalofanyika sana ni kuongeza rekodi ya pili inayoanza na `v=spf1`. Kanuni inaruhusu moja tu kwa jina. Zikiwa mbili mpokeaji huhesabu zote ni kosa, na ulinzi wote unaanguka.

Mpango wa tatu sasa unaonyesha `Update` mbili, hakuna `Delete`, hakuna `Create`. Unalingana na yale waliyokubaliana. Mkaguzi anakubali.

Kinga ya programu na mipaka yake

Wapo watakaouliza kama octoDNS yenyewe isingeuzuia ufutaji ule. Ina kinga kweli. Mpango ukitaka kufuta zaidi ya asilimia 30 ya rekodi zilizopo, au kusahihisha zaidi ya asilimia 30, inasimama na kukataa mpaka mtu ailazimishe kwa makusudi. Kinga hiyo ni nzuri dhidi ya balaa kubwa, kwa mfano faili lililokatika katikati au lililofutwa nusu kwa bahati mbaya.

Lakini fanya hesabu kwa zoni yetu. Kufuta kundi moja kati ya 12 ni asilimia 8. Kufuta matatu ni asilimia 25, na bado inapita. Ni mpaka ufute manne, asilimia 33, ndipo ipige kelele. Tena kinga hii inaanza kufanya kazi pale tu zoni inapokuwa na rekodi zisizopungua 10 kwa mtoa huduma. Zoni ndogo ya duka au shule, yenye rekodi sita, inaweza kufutwa yote bila onyo la asilimia. Kwa maoni yangu ni haki iwe hivyo, kwa sababu katika zoni ya rekodi sita kubadilisha mbili ni kazi ya kawaida na tayari ni theluthi. Mwenye zoni ndogo asome mpango mstari kwa mstari, na kwa rekodi sita hiyo si kazi ya zaidi ya dakika moja.

Kuomba mpango na kuutekeleza kunatenganishwa pia kwa ufunguo. Programu huingia kwa mtoa huduma kwa kutumia tokeni, na watoa huduma wengi huruhusu tokeni ya kusoma tu kando na ile ya kuandika. Kompyuta inayotengeneza mipango ya maombi ipewe ya kusoma, kwa kuwa inaendesha faili ambazo bado hazijakaguliwa na yeyote. Ya kuandika ibaki kwa kazi inayotoka tawi kuu pekee. Wala tokeni isiandikwe katika faili lililomo ndani ya Git. Ikishaingia humo, kuifuta katika toleo linalofuata hakusaidii, kwani historia inayo, na kila aliyenakili hazina hiyo anayo. Iliyoponyoka namna hiyo ifutwe kwa mtoa huduma na nyingine itolewe.

Kutekeleza na kuthibitisha

Badiliko likishaingia tawi kuu, amri ni ile ile, ikiongezewa neno moja la kuonyesha nia:

```
octodns-sync --config-file=config/production.yaml --doit
```

Kati ya mkaguzi kukubali na amri hii kuendeshwa huenda yamepita masaa, na katika masaa hayo mtu anaweza kuwa amegusa dashibodi. Mpango uliokaguliwa asubuhi huenda si mpango wa jioni. Kwa hiyo kazi ya kutekeleza huanza kwa kuendesha tena amri isiyo na `--doit`, na anayeisimamia hulinganisha idadi na majina na yaliyokubaliwa. Zikitofautiana hata kwa rekodi moja, anarudi kwenye ombi. Kazi hizi pia zipangwe foleni moja, ili mabadiliko mawili yaliyokubaliwa kwa wakati mmoja yasiendeshwe yakikimbizana.

Kisha inakuja hatua inayorukwa na wengi wenye haraka: kuuliza mwenyewe. Usiulize kwa kufungua tovuti katika simu yako, kwa kuwa simu na kampuni yako ya intaneti wanaweza kuwa bado na jibu la zamani, ukadhani badiliko halijafika wakati limefika. Iulize moja kwa moja seva ya majina ya mtoa huduma:

```
dig @ns1.mtoahuduma.example mfano.example A +short
```

Ikijibu 192.0.2.77, upande wako umekamilika, na kilichobaki ni dakika tano za TTL kwa wengine. Uliza pia TXT ya jina kuu na TXT ya `s1._domainkey`, kisha itume risiti moja ya majaribio kutoka tovuti mpya kwenda anwani ya nje na usome vichwa vyake. Mambo yakitulia kwa siku mbili, badiliko la mwisho linarudisha TTL juu na kuiondoa anwani ya zamani katika SPF, nalo linapitia ombi na mkaguzi kama mengine.

Je, ikionekana kwamba seva mpya ina kasoro? Git ina amri ya kutengua, `git revert`, inayotengeneza badiliko jipya linalorudisha hali ya awali bila kuifuta historia. Mpango wake unasomwa vile vile, kisha unatekelezwa. Kwa kuwa TTL ilikwisha kushushwa, walio wengi watarejea seva ya zamani ndani ya dakika tano. Zile siku mbili za kusubiri kabla ya kuhama zilikuwa ni malipo ya dakika tano hizi.

Mkono unaporudi kwenye dashibodi

Adui mkubwa wa utaratibu huu ni yule fundi wa dakika kumi. Nywila ya dashibodi ikiendelea kuwa mikononi mwa watu watano, faili litaachwa nyuma ndani ya mwezi. Kinachosaidia ni mambo mawili kwa pamoja: dashibodi ibaki ya kutazama tu kwa karibu kila mtu, na mpango uendeshwe kila usiku hata kama hakuna ombi lolote. Tawi kuu lisipokuwa na jipya, mpango wa usiku unapaswa kuwa mtupu. Asubuhi ukikuta `Delete` moja, maana yake kuna mtu aliyeongeza rekodi kwa mkono jana. Ukikuta `Update`, kuna aliyebadilisha. Mnaifuata ikiwa bado mbichi, aliyeifanya akiwa bado anakumbuka sababu, na kuiingiza katika faili au kuiondoa. Katika mfano wetu, kazi ya usiku ingeuonyesha ule ufunguo wa barua kabla ombi la kuhama halijatumwa.

Dharura nazo zipo. Kuna usiku ambao seva inawaka moto na mkaguzi hapatikani, au Git yenyewe haifikiki kwa kuwa jina la seva yake limo katika zoni iliyoharibika. Kwa usiku kama huo nakala ya hazina iwe katika kompyuta ya fundi wa zamu, na tokeni ya kuandika iwe katika kabati la nywila analoweza kulifungua peke yake bila kutegemea jina lolote la shirika. Akilazimika kutumia dashibodi, atumie. Kabla ya kulala aliandike badiliko lile katika faili, la sivyo utekelezaji unaofuata utalifuta na kuirudisha hitilafu aliyoitatua.

Kuna eneo ambalo faili hili halilifikii kabisa. Seva za majina zinazotangazwa kwa ajili ya kikoa chako katika ngazi iliyo juu, pamoja na rekodi ya DS kwa wanaotumia saini za DNSSEC, hukaa kwa msimamizi wa ngazi hiyo na hubadilishwa kupitia msajili uliyemnunulia jina. octoDNS inaweza kuonyesha mpango mtupu, seva zote za mtoa huduma zikajibu sahihi, na bado kikoa kisipatikane kwa sababu usajili umeisha muda au kwa msajili kumeandikwa seva za mtoa huduma wa zamani. Kwa hiyo pamoja na `dig` ya kwanza, ipigwe ya pili isiyoanzia kwa mtoa huduma, bali inayoshuka kutoka juu kabisa ya mti wa majina ngazi kwa ngazi:

```
dig +trace mfano.example A
```

Seva zinazotajwa katika ngazi ya juu ya kikoa zikitofautiana na zile za mtoa huduma wako, kosa liko kwa msajili, na hakuna mstari wa faili lile utakaolirekebisha.